Maswali ya kujiunga na grupu yakikusumbua, anza kukagua swali kabla hujamlaumu mtu

Wadau habari za huku, naandika nikiwa Mtwara mjini. Mimi ni mmoja wa admini wa grupu la Facebook la watu wa korosho, wengi wao wa Mtwara na Lindi, humo ndani watu wanaulizana bei za mnada, dawa ya salfa inapatikana wapi, gari la kubeba magunia, ugonjwa wa ubwiriunga umeingia shambani nifanyeje, mambo kama hayo. Ikifika Oktoba minada inafunguliwa na maombi ya kujiunga yanamiminika, na ndani yake wamo wakulima wa kweli, wamo matapeli, wamo watu wa kangomba wanaonunua korosho nje ya mnada, halafu wewe umekaa na simu usiku hujui nani ni nani.

Tulikuwa na maswali matatu, maana Facebook inaruhusu matatu tu kwenye `Membership questions`, na hayakutusaidia chochote. Haya hapa kama yalivyokuwa:

La kwanza: Je, wewe ni mkulima wa korosho?
La pili: Je, utafuata sheria za grupu?
La tatu: Tuambie kidogo kuhusu wewe na kwa nini unataka kujiunga.

Ukiyaangalia yanaonekana mazuri kabisa, na nikichungulia magrupu mengine naona karibu kila mtu anayo hayahaya. Sasa nitapita kwenye shida tulizoziona moja baada ya nyingine, ilitokana na nini na tulifanya nini, kama una grupu kubwa utajikuta sehemu fulani humu.

Kila mtu anajibu "ndiyo"

Dalili yenyewe unaiona haraka, unafungua `Member requests` unashusha chini, ndiyo ndiyo ndiyo, Ndio, NDIYO, mpaka macho yanachoka. Unakubali wote. Wiki mbili baadaye mtu aliyejibu ndiyo anaposti "nanunua korosho cash, nakufata mpaka nyumbani, inboksi".

Hapo chanzo sio uongo wa watu, chanzo ni swali limebeba jibu lake mgongoni. Ukimuuliza mtu aliye mlangoni je wewe ni mkulima wa korosho, ameshajua unataka kusikia nini ili afunguliwe. Mkulima atasema ndiyo, mtu wa kangomba atasema ndiyo, kijana wa Dar anayetaka kutangaza mkopo wa mtandaoni naye atasema ndiyo. Hata wale waaminifu unawafanya waseme uongo kidogo, maana mama anayeuza chakula pale ghalani sio mkulima ila ana haki ya kuwemo, anaona njia ni moja tu, anaandika ndiyo.

Tulichofanya ni kuliondoa lile swali na kuweka la kuchagua, ambalo hakuna chaguo linaloonekana ndio lenyewe linalotakiwa:

Unahusikaje na korosho?
Nalima / Familia yangu inalima / Nauza pembejeo au natoa huduma / Nafanya kazi chamani, ghalani au kwenye kilimo / Nanunua korosho / Sihusiki ila naishi huku

Angalia hilo chaguo la "Nanunua korosho", tulibishana nalo sana. Mwenzangu alisema nani mjinga atabonyeza hilo, maana tangu 2007 korosho zetu huku zinapita kwenye stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka kwenye chama chake cha ushirika, yaani AMCOS, mzigo unaenda ghala kuu, unauzwa mnadani, kwa hiyo mnunuzi halali hana haja ya kumfuata mkulima mmojammoja kwenye grupu. Anayemfuata nyumbani ndio huyo wa kangomba tunayemkimbia. Mimi nikasema liache lilivyo. Na kweli wapo waliobonyeza, bila wasiwasi wowote, kwa sababu kwao ni kazi kama kazi nyingine na hakuna aliyewaambia hatutaki. Hao tuliwajibu kwa upole kwamba humu hatufanyi biashara ya kununua nje ya mnada. Na wale waliojificha wakabonyeza "Nalima", siku wakija kuposti wananunua, huna haja ya kubishana nao, waliingia kwa kusema kitu kingine, unawatoa.

Hili nililielewa kwa kuchelewa. Swali la mlangoni linachuja kidogo tu. Faida yake nyingine ni kwamba mtu ameshasema yeye ni nani na amekuja kufanya nini, na wewe unalo neno lake. Ila usitegemee kwamba baada ya kubonyeza `Approve` utalipata tena lile jibu kirahisi, sisi tuna daftari tunaandika tarehe, jina la akaunti na chaguo alilochagua, basi, hatuandiki zaidi ya hapo.

Mtu anajibu nusu ya swali

Tulipoliondoa la kwanza tukapata tamaa, la pili tukaliandika hivi: "Shamba lako lipo wilaya gani, kijiji gani, na msimu uliopita ulipeleka AMCOS ipi na ulipata daraja gani?" Tukajisifu kwamba hapa tapeli hapiti.

Majibu yaliyokuja: "Tandahimba". "Newala ndugu". "Daraja la kwanza". Kila mtu anajibu kipande kimoja anachokikumbuka mwisho au kilicho rahisi, na wewe unabaki unajiuliza huyu ameficha au amesahau. Na tukawa tunamkatalia mtu kwa kosa letu wenyewe. Ukiona majibu mafupi yanayojibu sehemu tofauti za swali lilelile, hesabu alama za mkato na "na" kwenye swali lako, hapo ndipo tatizo lilipo. Mtu anasoma kwenye kioo kidogo cha simu, kidirisha kimejitokeza ghafla amebonyeza kujiunga tu, hakai kupanga jibu la vipengele vinne. Na nafasi yenyewe ya kujibu sio kubwa, ni herufi 250, kwa hiyo hata anayetaka kueleza vizuri anakatwa.

Halafu tulikuwa tunauliza mengi kuliko tunayohitaji. Ukishajua kijiji na AMCOS na daraja la mzigo unamjua mtu mpaka mlango wa nyumba yake, na sisi tulikuwa tunataka tu kujua kama anatoka huku. Sasa hivi swali linasema "Shamba au shughuli yako ipo wilaya gani na kata gani?" Ni sehemu moja tu anaitaja, na inatosha. Mtu wa Nanyumbu atakwambia Mangaka, wa Nachingwea atataja kata yake hata kama kaandika kwa makosa. Anayejifanya ataandika "Mtwara" peke yake, au ataandika wilaya ya Mtwara na kata ya Lindi, na hata huyo usimkatae hapohapo, muulize kwanza, maana wapo wazee ambao mtoto ndiye anayewashikia simu.

Maombi mengi yanakuja bila jibu lolote

Hii ndio ilituumiza zaidi na ndio nataka niielezee taratibu. Karibu nusu ya maombi yalikuwa matupu. Admini mwenzetu akasema hawa wote ni feki, tuwashe `Admin Assist` iwakatae wenyewe wasiojibu maswali. Ikawashwa. Tukapumua, foleni ikawa fupi, tukaona tumepata dawa.

Baada ya siku chache dada mmoja wa Newala ninayemjua, analima ekari zake na mumewe, akanipigia analalamika, kaka mbona mmenikataa, kwani nimewakosea nini. Nikamuuliza dada ulijibu maswali? Akasema maswali gani, yaliyotokea yale? Mimi niliona kama mtihani, nikasema nikikosea watanicheka, nikafunga.

Yaani mtu amebonyeza kujiunga, kidirisha kimetokea, amekifunga, ombi limekwenda hivyohivyo bila majibu. Facebook haimzuii. Kwake yeye ameshaomba, anasubiri. Kwetu sisi anaonekana kama akaunti tupu.

Basi nikaizima ile ya kukataa yenyewe, nikachukua maombi matupu yaliyofuata, arobaini ya mwanzo, nikayapitia moja moja kwa kuangalia vile vitu vingine vinavyoonekana kwenye ombi, akaunti imefunguliwa mwaka gani, ana marafiki wangapi tayari wamo ndani, anaishi wapi, picha. Zaidi ya nusu walikuwa watu ambao ungewakubali bila swali lolote, akaunti ya miaka sita, marafiki kumi na kitu ndani ya grupu, picha za shamba. Hao ndio tuliokuwa tunawafukuza kila siku bila kujua.

Kwa hiyo ukiona matupu mengi, kabla ya kuamua ni feki, fanya hivi. Tafuta hata watu watatu wanne unaowafahamu kati yao, wapigie, waulize waliona nini kwenye simu. Sababu nilizokutana nazo mimi ni hizi: aliona kama mtihani, aliogopa taarifa zake zitasomwa na watu wote, swali la kwanza lilikuwa la kuandika na yeye kuandika kwake ni kazi, na mmoja hakuona maswali kabisa kwa sababu mtandao ulikatika alipobonyeza.

Dawa zake ni tofauti. La kuogopa mtihani, tuliongeza maneno mwisho wa swali la kata, "Hakuna jibu la makosa". La kuogopa kusomwa, tukaongeza "Majibu wanayaona maadmini tu", na ni kweli ndivyo ilivyo, hayatokei kwa wanachama. La kuandika, tukaweka swali la kuchagua liwe la kwanza, mtu akishabonyeza moja ameshaingia, anaendelea. Ukianza na "Tuambie kuhusu wewe" unamwekea mtu ukuta kabla hajapiga hatua. La mtandao huna la kufanya zaidi ya kuacha ombi likae siku kadhaa, wengine hurudi wenyewe wakajibu.

Na hiyo ya kukataa yenyewe tumeiwasha tena, lakini kwa akaunti mpya kabisa tu, sio kwa kutojibu.

Jibu ni sahihi lakini mtu ni feki

Kuna kipindi mmoja wetu alikuja na swali tamu sana, "Taja mzizi wa porini unaochimbwa na kuchemshwa, unauzwa sana huku kwetu." Jibu ni ming'oko, na kweli mtu wa huku anacheka tu, ameikuta barabarani Mnazi Mmoja au Mikindani tangu mtoto. Wiki ya kwanza lilifanya kazi mpaka tukafurahi. Wiki ya tatu likaanza kuja hivi: "mingoko", "mingoko", "mingoko", bila ile alama, herufi zote ndogo, watu saba usiku mmoja, dakika chache chache kati yao.

Jibu lilikuwa limeshatoka nje. Swali lolote lenye jibu moja sahihi linavuja, mtu mmoja akishalijua anawapa wenzake, na makosa ya herufi yanasafiri nalo. Hiyo ndio alama ya kuitafuta, majibu yanayofanana mpaka kosa lake, yaliyoingia karibu karibu kwa muda, kutoka akaunti ambazo hazina rafiki ndani.

Upande wa pili ndio ulinisikitisha. Mwalimu aliyetokea Mbeya akapangiwa Nanyamba, amenunua mikorosho yake kumi, ming'oko hajawahi kuiona. Binti aliyezaliwa Temeke na wazazi wa Ruangwa, amerudi kusimamia shamba la bibi yake, hajui. Hao wakashindwa na tapeli akapita. Swali la utamaduni linapima umekulia wapi, na sisi tulikuwa tunatafuta unahusikaje na korosho, ni vitu viwili. Na nashukuru hatukufika kule kwa kuuliza kabila, maana niliwahi kuona grupu limeuliza hivyo na halikuleta ila maneno.

Swali linalofaa hapo ni lile ambalo kila mtu ana jibu lake, na wewe unalisoma sambamba na ile akaunti. Letu la tatu sasa linasema: "Kitu gani kimoja unataka kukijua au kukifanya humu ndani wiki hii?" Mkulima anaandika "nataka kujua mnada wa kwanza lini" au "majani yanakuwa na unga mweupe". Fundi wa mashine ya kupulizia anaandika anatengeneza mashine. Wa kunakili anaandika "kujifunza mengi na kubadilishana mawazo", na ukishaona sentensi hiyo mara tano kwa siku moja unajua. Muda ukibadilika jibu nalo linabadilika, Juni watu wanaongelea salfa, Novemba wanaongelea malipo, kwa hiyo jibu la kukariri linaonekana limechacha.

Maadmini hawakubaliani

Mmoja anakubali, mwingine anakataa mtu wa aina ileile, na watu wanaona, wanaanza kusema huyu kaingizwa na shemeji yake. Tulifanya jaribio dogo. Tukachukua maombi 20, mimi na mwenzangu kila mtu akaandika pembeni bila kuongea, kubali, uliza, kataa, halafu tukalinganisha. Tulitofautiana kwenye 7, na kati ya hizo 5 tofauti ilitokana na lile swali la zamani la "Tuambie kidogo kuhusu wewe". Mtu kaandika "nimependa tu". Mimi nikaona sawa, mwenzangu akaona dharau.

Kumbe hatukuwahi kukubaliana jibu gani tunafanyia nini. Tangu hapo hakuna swali linalowekwa kabla hatujaandika majibu matatu ya kubuni na uamuzi wake. Kwa mfano hilo la wilaya na kata: "Liwale, Mbaya" kubali. "Lindi" tu, muulize kwanza. Tangazo la mkopo na namba ya simu, kataa. Ukijikuta majibu yote matatu yanaishia kwenye kubali, swali hilo litoe, linachosha watu bure. Ndivyo lilivyokufa "Je, utafuata sheria za grupu", hatukuweza kubuni jibu hata moja ambalo lingetufanya tumkatae mtu. Sheria zenyewe ukitaka mtu azikubali, Facebook ina sehemu yake ya kuweka tiki, usile nafasi moja kati ya tatu.

Akina mama hawaombi, au wanaomba wanafuta

Hapa nitasema kwa ufupi, chanzo ni taarifa unazowadai. Angalia kama umeuliza namba ya simu, namba ya NIDA au namba ya uanachama wa AMCOS. Kama umeuliza, toa leo. Kwenye grupu moja nililokuwemo waliuliza namba za simu, na haikupita muda wanachama wakaanza kupigiwa na mtu anayejiita admini anawaambia watume hela ya kusajili mzigo. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za watu sio kitu cha kukusanya halafu ujue baadaye utazifanyia nini.

Umebadilisha maswali, utajuaje yamekaa sawa

Badilisha swali moja kwa wakati, ukibadilisha yote matatu hutajua lipi limesaidia. Andika tarehe uliyobadilisha, kwa sababu wale walio kwenye foleni walijibu swali la zamani na ukiwasoma kwa macho ya swali jipya utawaonea. Halafu kila mwisho wa mwezi chukua watu mliowatoa kwa utapeli au kuposti ovyo, rudi kwenye daftari uone walijibu nini mlangoni. Sisi mwezi wa kwanza tulitoa 9, kati yao 6 walikuwa wamechagua "Sihusiki ila naishi huku" na kwenye swali la tatu wakaandika maneno ya jumla. Kwa hiyo sasa hivi mtu akija na mchanganyiko huo tunamuuliza kwanza kwenye inboksi kabla ya kumkubali, na wengi wasio na nia hawajibu kabisa.

Waliobaki 3 walijibu vizuri kila kitu. Tulipofuatilia, wawili akaunti zao ziliibiwa baada ya kuingia, wenyewe ni wakulima wa kweli wa Tandahimba na Kitangari, mtu kachukua akaunti akaanza kuuza salfa hewa. Hilo swali la mlangoni haliligusi, huyo alishapita mlango zamani. Kwa hilo tumeweka posti zote zinazotaja bei na namba ya malipo zisubiri admini azione kwanza, na mwanachama anayeanza kuuza ghafla wakati aliingia kama mkulima tunampigia kupitia mtu wa kijijini kwao kabla posti haijatoka.